Folda za Nywila: Panga Ukifikiria Siku ya Kuagana

Ofisi ikiwa na watu wawili, nywila hukaa vichwani. Wakifika watano huhamia kwenye kundi la WhatsApp, kwenye daftari la mhasibu, au kwenye faili la Excel ambalo kila mtu anajua lilipo na hakuna anayejua nani amelinakili. Hapo ndipo mtu anapopendekeza programu ya kutunza nywila za pamoja, ambayo humu nitaiita sefu ya nywila. Inalipiwa, kila kitu kinamwagwa ndani ya folda moja, wote wanapewa ruhusa ya kuona yote, na kazi inahesabiwa imekwisha. Kumbe lililofanyika ni kulitia lile faili la Excel mlango tu. Aliyeko ndani bado anaona kila kitu.

Wengi wanaopanga folda huanza na vyeo: mkurugenzi aone yote, meneja aone nusu, karani aone kidogo. Nadhani hapo ndipo mambo yanapoharibika. Swali lenye faida zaidi ni hili: mtu huyu akiacha kazi kesho, nitalazimika kubadilisha nywila zipi? Nywila iliyokwisha kuonwa hairudi nyuma. Unaweza kumfungia mtu sefu, lakini huwezi kumfungia kumbukumbu yake, picha aliyoipiga kwa simu, wala kikaratasi alichokitia mfukoni. Kwa hiyo kila jina unaloliongeza kwenye folda ni kazi unayojiwekea ya siku atakapoondoka. Folda zikipangwa vizuri, kazi hiyo ni ya nusu saa. Zikipangwa vibaya, ni ya wiki nzima, na kwa kawaida haifanywi kabisa.

Mfano wangu utakuwa Bitwarden, kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua na mtu anaweza kuijaribu bila kulipa. Mpango wa bure wa ofisi unaruhusu watu 2 na folda za pamoja 2, kiasi cha kujifunzia. Sefu nyingine, kama 1Password na Keeper, zina mambo yaleyale kwa majina tofauti. Hata ndani ya Bitwarden yenyewe maneno ya kwenye skrini hubadilika kidogo toleo hadi toleo, kwa hiyo shika maana yake kuliko herufi zake.

Folda ambazo si folda

Mtego wa kwanza uko kwenye majina. Ukifungua Bitwarden utaona kitu kinachoitwa `Folders` na kingine kinachoitwa `Collections`. Cha kwanza ni cha mtu binafsi: ni namna yako wewe ya kupanga vitu kwenye skrini yako, na hakuna mwenzako anayekiona. Mhasibu anaweza kutengeneza folda ya namna hiyo, akaipa jina “Ofisi”, akaweka humo nywila zote za kodi, na kwa miezi akaamini kwamba amewashirikisha wenzake. Folda ya pamoja ni ile ya pili. Iko chini ya `Organization`, yaani akaunti ya ofisi, na kilichomo ndani yake ni mali ya ofisi, si ya aliyekiandika.

Umiliki huo ndio msingi wa mambo yote. Kila mfanyakazi ana pande mbili ndani ya sefu: upande wake binafsi na upande wa ofisi. Anapohifadhi nywila mpya kuna sehemu iitwayo `Owner`, na asipoangalia, nywila huingia upande wake. Akiondoka, anaondoka nayo kihalali kabisa, maana sefu haijui kwamba akaunti ile ya matangazo ilifunguliwa kwa fedha za ofisi. Mpango ghali zaidi wa Bitwarden una kanuni ya kulazimisha kila kitu kiingie upande wa ofisi. Katika mpango wa kawaida wa timu kinga ni mazoea, na mazoea ya namna hii hayaji bila mtu mmoja kuyasimamia. Ukikuta folda ya masoko ina vitu vitatu ilhali ofisi ina akaunti saba za mitandao, ujue nne ziko kwenye sefu ya mtu.

Mtego wa pili unahusu folda ndani ya folda. Bitwarden hukuruhusu kuandika jina kama hili:

```
Fedha
Fedha/Kodi
Fedha/Benki
```

Mkwaju ule huifanya “Kodi” ionekane kama imo ndani ya “Fedha”. Ni mwonekano tu. Ruhusa hazirithiwi kutoka juu kwenda chini. Ukimpa karani “Fedha”, hajapata “Fedha/Kodi”; na ukimwondoa kwenye “Fedha”, bado anabaki na “Fedha/Benki” kama uliwahi kumpa. Mtu aliyezoea folda za kompyuta, ambako kufunga ya juu ni kufunga zote, hukosea hapa kwa njia zote mbili, na ile ya pili ndiyo ya hatari.

Ngazi tano, maswali matatu

Ukimwongeza mtu kwenye folda ya pamoja, Bitwarden inakupa ngazi tano za kuchagua: `View items`, `View items, hidden passwords`, `Edit items`, `Edit items, hidden passwords` na `Manage collection`. Zinatisha kidogo, lakini kwa kweli zinajibu maswali matatu tu. Je, mtu huyu atumie tu? Je, aweze kubadilisha? Je, aweze kuwapa wengine?

Kutumia ndiko wanakohitaji watu wengi. Anayeingia kwenye mfumo mara moja kwa wiki kuchapisha hati hana haja ya kubadilisha nywila ndani ya sefu. Ruhusa ya kubadilisha apewe yule anayebadilisha nywila kwenye mfumo wenyewe, kwa kuwa ndiye atakayepaswa kuiandika upya huku. Ikiwa watu wanne wana uwezo huo, siku moja mmoja atabadilisha nywila ya NSSF, aisahau kuiandika kwenye sefu, na watatu waliobaki watajaribu ile ya zamani mpaka akaunti ijifunge. Mabadiliko ya kila folda yawe na mtu mmoja na msaidizi wake, basi.

Ngazi ya `Manage collection` ndiyo inayopaswa kutolewa kwa ubahili kuliko zote, maana mwenye nayo anaweza kumwingiza mtu mwingine kwenye folda bila kukuuliza. Mara nyingi hutolewa kwa bahati mbaya: aliyetengeneza folda huipata moja kwa moja. Ndiyo sababu napendelea folda zitengenezwe na msimamizi peke yake, na mpangilio wa `Organization` unaruhusu kuwafungia wengine uwezo huo.

Sasa zile ngazi mbili za kuficha nywila. Hapa watu wengi hufarijika kuliko inavyostahili. Kwa ngazi hiyo mfanyakazi haoni herufi za nywila, haoni kitufe cha kunakili, lakini programu inamjazia nywila kwenye ukurasa na anaingia kazini. Inaonekana kama suluhisho kamili kwa kibarua wa muda. Lakini fikiria kinachotokea: ili ukurasa wa TRA uipokee nywila, ni lazima nywila halisi ifike kwenye kivinjari cha kompyuta yake. Ikishafika kwenye kivinjari, mwenye ujuzi mdogo tu wa kufungua zana za watengenezaji wa tovuti anaweza kubadilisha kisanduku kile cha nukta nyeusi kikaonyesha maandishi. Bitwarden wenyewe wanasema katika maelezo yao kwamba ngazi hii huzuia kunakili kwa urahisi, haizuii kabisa. Itumie kuzuia uzembe, kama mtu kuibandika nywila kwenye WhatsApp. Katika hesabu ya siku ya kuagana, aliyefichiwa mhesabu sawa na aliyeona.

Kuna jambo jingine dogo linaloweza kupindua hesabu. Kitu kimoja kinaweza kukaa kwenye folda mbili kwa wakati mmoja. Mtu akikifikia kupitia folda zote mbili, ruhusa iliyo pana ndiyo inayoshinda. Nywila ikifichwa kwenye “Kodi” na ikaonekana kwenye “Wote”, basi inaonekana.

Ofisi ya watu saba

Tuchukue ofisi ya kubuni ya uwakala wa mizigo jijini Dar es Salaam. Kuna mkurugenzi, naibu wake, mhasibu, karani wa hesabu, maofisa wawili wa mizigo, na kijana wa masoko. Nje yao yuko fundi wa kompyuta anayeitwa mtandao ukisumbua. Wakiorodhesha akaunti zao wanapata 30 hivi: akaunti ya kodi TRA, ya waajiri NSSF, ya usajili BRELA, barua pepe za ofisi, jina la tovuti lenye mwisho wa .co.tz, Instagram, Wi-Fi, ruta, akaunti za kampuni za meli, na nyinginezo.

Kazi ya kwanza hufanywa kwa karatasi, kabla ya kugusa kompyuta. Kila akaunti iandikwe, na mbele yake majina ya watu ambao kazi itasimama wasipokuwa nayo. Si wanaopenda kuwa nayo. Akaunti zenye majina yaleyale mbele yake ndizo zinazokaa folda moja. Ukifanya hivyo, folda hujitokeza zenyewe, na kwa ofisi hii zinatokea tano.

Folda ya “Wote” inabeba Wi-Fi ya ndani na mashine ya kuchapa, watu saba wakiwa na ruhusa ya kuona. “Mizigo” ina akaunti za kampuni za meli na bandari kavu, kwa maofisa wawili na naibu. “Kodi” ina TRA na NSSF: mhasibu anabadilisha, karani anaona. “Masoko” ina Instagram na akaunti ya kutengenezea picha, kwa kijana wa masoko na naibu. Ya tano nitaiita “Mizizi”, na hiyo ndiyo ya kuzungumzia kwa kirefu.

Akaunti nyingi za mtandaoni zina kitufe cha “nimesahau nywila”, na kitufe hicho hutuma kiungo kwenye barua pepe. Kwa hiyo mwenye barua pepe ya ofisi anaweza kuzirudisha akaunti nyingine karibu zote. Na mwenye akaunti ya jina la tovuti anaweza kuielekeza barua pepe yote ya ofisi kwenye mashine yake. Hizi hazifanani na Instagram, hata kama zote zinaonekana mstari mmoja mmoja kwenye skrini. “Mizizi” inabeba akaunti ya jina la tovuti, ya usimamizi wa barua pepe, na BRELA, na wanaoiona ni mkurugenzi na naibu wake tu. Mhasibu akihitaji BRELA mara moja kwa mwaka, akae na naibu dakika kumi.

Fundi ndiye kishawishi. Ofisi nyingi humpa kila kitu kwa sababu “ndiye anayejua mambo haya”, na mwishowe ndiye mwenye jina la tovuti, kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe. Anachohitaji ni ruta. Basi itengenezwe folda ya sita yenye kitu kimoja, aingizwe kwenye folda hiyo asubuhi ya kazi, atolewe jioni, na nywila ya ruta ibadilishwe akishaondoka.

Halafu kuna benki. Huduma za benki mtandaoni kwa makampuni kwa kawaida humpa kila mtu jina lake la kuingilia: mmoja anaandaa malipo, mwingine anaidhinisha. Mpangilio huo umewekwa ili mtu mmoja asiweze kuhamisha fedha peke yake. Ukichukua nywila ya mwandaaji na ya mwidhinishaji ukaziweka kwenye folda moja “ili kazi isikwame mkurugenzi akisafiri”, umeuondoa ulinzi huo bila benki kujua, na taarifa za benki zitaendelea kuonyesha majina mawili. Nywila hizo zikae upande binafsi wa kila mmoja. Mkurugenzi anayesafiri aombe benki imweke mwidhinishaji wa pili.

Jambo hilohilo linahusu zile tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Sefu inaweza kuzitoa yenyewe pamoja na nywila, na kwa Instagram inayotumiwa na watu wawili hilo ni jambo la msaada mkubwa, maana vinginevyo mmoja humpigia mwenzake simu kila mara. Kwa akaunti za “Mizizi” ningeziacha tarakimu hizo kwenye simu mbili, nje ya sefu, ili anayefanikiwa kuifungua sefu asikute nywila na uthibitisho wake vimelala pamoja.

Kuwaingiza watu

Mwaliko wa Bitwarden una hatua tatu, na ofisi nyingi husimama kwenye ya pili zikadhani mambo yameharibika. Msimamizi anatuma mwaliko kwa barua pepe. Mfanyakazi anaukubali, akijiwekea nywila kuu yake mwenyewe. Kisha msimamizi anarudi kuthibitisha. Mpaka athibitishe, mfanyakazi anaona sefu tupu. Sababu yake ni ya kiufundi lakini inaeleweka: vitu vya ofisi vimefungwa kwa ufunguo mmoja wa siri, na kampuni ya Bitwarden haina ufunguo huo. Ni kompyuta ya msimamizi ndiyo inayoufunga upya kwa namna ambayo mfanyakazi yule peke yake anaweza kuufungua. Ndiyo maana wakati wa kuthibitisha hutokea fungu la maneno matano. Mpigie mfanyakazi, akusomee maneno hayo kutoka kwenye mipangilio ya akaunti yake. Yakilingana, unampa mtu sahihi. Mwaliko ukikaa siku 5 bila kukubaliwa, unakufa na hutumwa upya.

Baada ya hapo usiamini karatasi yako. Kaa kando ya karani, afungue sefu yake, uhesabu folda anazoziona. Ikiwa ulipanga mbili na zipo tatu, tafuta ya tatu imetoka wapi. Mara nyingi imetoka kwenye kundi. Mpango wa timu una `Groups`, ambapo unawapa ruhusa watu wengi kwa mkupuo, na mtu aliyewahi kuwekwa kwenye kundi la majaribio husahaulika humo. Kwa watu saba, ningeacha makundi kabisa.

Wamiliki wawe wawili. Cheo cha `Owner` ndicho cha juu, na Bitwarden haiwezi kumrudishia mtu nywila kuu aliyoisahau, kwa sababu ileile kwamba haina ufunguo. Mmiliki akiwa mmoja na akaugua, akafariki, au akasahau tu, sefu itaendelea kufunguka kwa wafanyakazi, lakini hakuna atakayeweza kuingiza wala kutoa mtu. Mkurugenzi na naibu wawe wamiliki wote wawili, na kila mmoja aandike nywila yake kuu na msimbo wa kurejesha wa uthibitisho wa hatua mbili kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya chuma. Ndiyo, karatasi. Mwizi wa mtandaoni haifikii.

Kijana wa masoko anaacha kazi

Amepata kazi kwingine, anaaga vizuri. Msimamizi anafungua orodha ya watu na kuchagua kati ya kusitisha na kuondoa. Kusitisha kunamfungia upande wa ofisi papo hapo na kuziacha ruhusa zake zikionekana, hivyo anza nako, maana orodha hiyo ndiyo ratiba yako ya kazi. Kuondoa kufuate siku chache baadaye. Upande wake binafsi unabaki wake.

Kufungiwa huko kunafika kwenye simu yake pale tu simu inapowasiliana na seva. Simu iliyozimwa data inaweza kubaki na nakala ya kila alichokuwa akikiona, na inasomeka. Kwa hiyo kinachomwondoa kweli ni nywila mpya. Orodha yake inaonyesha “Wote” na “Masoko”, yaani Wi-Fi, mashine ya kuchapa, Instagram na akaunti ya picha. Nne tu, katika 30. Instagram ianze, na baada ya kubadilisha nywila vifaa vingine vyote vilivyoingia vitolewe kwenye mipangilio ya akaunti yenyewe, maana kifaa kilichokwisha kuingia kinaweza kubaki ndani kisiombwe nywila tena. Wi-Fi ifuate, na hapo watu sita watalalamika asubuhi moja. Kama malalamiko yanachosha, watumiaji wa Wi-Fi wakae mtandao mmoja na kompyuta zenye nyaraka mtandao mwingine.

Kisha kagua kitu ambacho sefu haikioni: namba ya simu iliyosajiliwa kwenye kila akaunti aliyoigusa. Katika ofisi zetu akaunti hufunguliwa na aliyekuwepo siku hiyo, kwa laini yake mwenyewe, na misimbo ya kurejesha nywila huenda kwenye laini hiyo miaka mitatu baada ya yeye kuondoka. Nywila mpya haizuii hilo; kitufe cha “nimesahau” kitamfungulia. Ofisi inunue laini moja iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, ikae kwenye simu ya bei nafuu mezani kwa naibu, na namba yake iwekwe kwenye akaunti zote 30, kuanzia zile za “Mizizi”.